Miaka kumi ya nini? Kufasiri kadi ya waranti iliyopigwa picha

Kwenye kadi nyingi za waranti za friji, kitu cha kwanza kuvuta jicho ni tarakimu kubwa ya rangi: miaka 10. Chini yake, kwa herufi ambazo kwenye picha ya simu huonekana kama mstari wa vumbi, kuna maneno machache yanayosema kwamba miaka hiyo ni ya kompresa peke yake, tena ni ya kifaa chenyewe na si ya kazi ya kukifunga. Anayefasiri kadi hiyo akaandika “waranti ya miaka 10” hajatunga neno. Lakini amemwacha mwenye friji akiamini ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

Nitafuata kadi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimeiunda mwenyewe kwa ajili ya makala hii, ila masharti yaliyomo ni ya aina inayokutwa kwenye kadi za friji zinazouzwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, na kwenye zile zinazoshuka bandarini kutoka Dubai.

Kijana anayefanya kazi Dar es Salaam alimnunulia mama yake friji Kariakoo tarehe 5 Machi 2024. Friji ikapakiwa kwenye lori, ikapokelewa Mwanza tarehe 18 Machi. Tarehe 18 Aprili 2025 mama akakuta maziwa yameharibika: mota inaunguruma, ubaridi hakuna. Kadi na risiti anazo yeye Mwanza, zote kwa Kiingereza. Akapiga picha tatu: mbele ya kadi, nyuma ya kadi, na mgongo wa risiti ambako duka limechapa masharti yake ya kurudisha bidhaa. Akazituma kwa WhatsApp kwa jamaa yao anayefanya kazi ya kufasiri, pamoja na swali moja: “Mwanangu, hii bado ina waranti?”

Swali ni fupi, lakini jibu lake limetawanyika kwenye picha zote tatu, na sehemu yake moja haimo katika picha yoyote.

Kabla ya maneno, picha

Kadi za waranti huchapwa kwenye karatasi inayong’aa. Ukiipiga picha kwa taa ya simu, mwanga hurudi kama doa jeupe katikati, na doa hilo mara nyingi hukaa juu ya masharti, kwa sababu ndiyo yaliyo katikati ya ukurasa. Kadi iliyokunjwa mara mbili huficha mstari mzima kwenye mkunjo. Kidole gumba kinachoshikilia ukingo hufunika maneno ya mwanzo au ya mwisho. Halafu WhatsApp yenyewe huibana picha ili iwe nyepesi, na herufi ndogo zikabaki ukungu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuomba picha upya. Mama aiweke kadi mezani karibu na dirisha, azime taa ya simu, apige kutoka juu moja kwa moja, kingo zote nne zionekane. Kisha aitume kama faili na si kama picha ya kawaida, ili isibanwe. Risiti aipige pande zote mbili. Katika mfano wetu alikuwa amepiga mgongo wa risiti tu, na upande wa mbele ndio wenye tarehe ya mauzo.

Hata picha nzuri huwa na tabaka tatu za maandishi, na tafsiri inapaswa kuonyesha kila neno limetoka tabaka gani. Kuna yaliyochapwa na kiwanda, kuna yaliyojazwa na muuzaji kwa kalamu, na kuna muhuri wa duka. Muhuri hupigwa juu ya mwandiko, na mara nyingi huangukia tarehe. Weka alama kwenye mabano ya mraba: [kwa mkono], [muhuri], [haisomeki]. Namba ya utambulisho wa friji, ile inayoanza na S/N, isikisiwe hata kwa herufi moja. Herufi B na tarakimu 8, herufi S na tarakimu 5, herufi O na sifuri, hizi kwenye picha hafifu hazitofautiki, na wakala wa kiwanda atakapolinganisha namba hiyo na ile iliyobandikwa kwenye friji, tofauti ya herufi moja inatosha kumfanya aseme kadi si ya friji hii. Mwombe mama apige picha kibandiko kilicho ndani ya friji au nyuma yake, halafu linganisha wewe kwanza.

Kadi zinazotoka Ghuba mara nyingi huwa na upande wa Kiarabu, na muuzaji huweza kujaza tarehe kwa tarakimu za Kiarabu. Hapo kuna hatari yake: tano ya Kiarabu ni duara, ٥, na sifuri ni nukta, ٠. Asiyezijua husoma tano kama sifuri na nukta akaiona kuwa uchafu wa karatasi. Kadi hizo pia huwa na sentensi inayosema waranti inatumika katika nchi iliponunuliwa tu, au katika nchi za Ghuba tu. Ukiiona, ipandishe juu kabisa ya tafsiri, kwa sababu kwa mtu aliyeko Zanzibar au Mombasa sentensi hiyo huweza kuyafanya mengine yote yasimfae.

Watoa ahadi ni wawili

Watu huziweka kadi na risiti kwenye bahasha moja, nao huzisoma kama karatasi moja. Ni ahadi mbili za watu wawili tofauti. Kadi ni ahadi ya kiwanda, ambayo hutekelezwa na wakala wake nchini: kifaa kikiharibika kwa kasoro ya utengenezaji, atakishughulikia kwa muda fulani. Masharti ya mgongoni mwa risiti ni ya duka: ukileta bidhaa ndani ya siku kadhaa, ikiwa katika hali fulani, duka litafanya jambo fulani. Duka likikataa kuipokea friji baada ya wiki mbili, ahadi ya kiwanda haijaguswa. Na duka likisema “nenda kwa wakala” siku ya tatu, linaweza kuwa linakwepa ahadi yake lenyewe. Tafsiri iwe na sehemu mbili zenye vichwa viwili, na kila kichwa kimtaje mtoa ahadi.

Kwa upande wa duka kuna vitendo vitatu ambavyo mfasiri mwenye haraka huviita vyote “kurudisha”. Mnunuzi anarudisha bidhaa. Duka linambadilishia, yaani linampa nyingine. Au duka linamrudishia fedha. Mgongo wa risiti yetu unasema bidhaa yenye kasoro itapokelewa na kubadilishwa, na kama hakuna nyingine ya aina hiyo, mnunuzi atapewa hati ya kununulia kitu kingine dukani hapo. Fedha taslimu hazirudishwi. Ukifasiri “bidhaa inaweza kurudishwa ndani ya siku 7”, msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba atapata hela yake, kwa kuwa kwa mnunuzi wa kawaida hiyo ndiyo maana ya kurudisha kitu dukani. Andika: “Duka litapokea bidhaa yenye kasoro na kuibadilisha. Duka halirudishi fedha.”

Kwa upande wa kiwanda kuna sentensi inayosema kampuni itatengeneza au itabadilisha, kwa uamuzi wake peke yake. Nimeona sentensi hii ikifasiriwa “utatengenezewa au kubadilishiwa”, na mwenye friji akaenda kwa wakala kudai friji mpya, akidhani uchaguzi ni wake. Neno “au” kwa Kiswahili halisemi ni nani anayechagua, kwa hiyo mchaguzi lazima atajwe: “Kampuni ndiyo itakayoamua kama itengeneze au ibadilishe; mnunuzi hachagui.”

Mwishoni mwa kadi nyingi kuna mstari unaosema kwamba waranti hii haipunguzi haki alizopewa mnunuzi na sheria za nchi yake. Hukaa mahali ambapo mfasiri amekwisha choka, na ndiyo maana huachwa. Usiuache. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, na Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani inayoisimamia, pamoja na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa. Mfasiri hatoi hukumu kama mama atashinda au la, lakini mama anastahili kujua kwamba kadi yenyewe inakiri kuwepo kwa haki nyingine nje yake. Hili lina uzito hasa kwa watu waliozoea bango la “mali ikishauzwa hairudishwi”, ambao huliona kama neno la mwisho.

Muda unaanza kuhesabiwa lini

Kadi ya mama inatoa miezi 12 kwa friji nzima, vipuri pamoja na kazi ya fundi, na miaka 10 kwa kompresa, kipuri tu. Zote zinahesabiwa tangu tarehe ya kununua. Kwenye kadi muuzaji ameandika kwa kalamu 05/03/2024.

Ni tarehe 5 Machi, au ni tarehe 3 Mei? Marekani huanza na mwezi, na kadi zilizochapwa kwa ajili ya soko hilo hufika hata huku. Kwa mama tofauti ni kubwa. Kama ni 5 Machi 2024, miezi 12 iliisha mwanzoni mwa Machi 2025, na friji imegoma wiki sita baadaye. Kama ni 3 Mei, muda unafika mwanzoni mwa Mei 2025, na friji imegoma ikiwa bado na waranti kamili. Mfasiri hana ruhusa ya kuchagua ile inayompendeza mteja wake. Atafute ushahidi ndani ya karatasi yenyewe. Chini ya kadi, kwa mwandiko uleule, kuna tarehe ya kufikishwa mzigo: 18/03/2024. Mwezi wa 18 haupo, kwa hiyo muuzaji huyu huanza na siku. Tena friji haiwezi kupokelewa Machi kama imenunuliwa Mei. Katika tafsiri andika mwezi kwa jina, 5 Machi 2024, na ongeza maelezo mafupi ya jinsi ulivyojua.

Tabu iliyo kubwa zaidi iko kwenye masharti ya duka. Kiingereza kina neno moja, “receipt”, linalobeba mambo mawili: karatasi ya risiti, na tendo la kupokea mzigo. Mgongo wa risiti unasema madai yafanywe ndani ya siku 7 tangu tarehe ya neno hilo. Je, ni siku 7 tangu tarehe iliyo kwenye risiti, au siku 7 tangu kupokea bidhaa? Kwa aliyenunua na kubeba mwenyewe hakuna tofauti. Kwa mama wa Mwanza, ambaye friji yake ilikuwa njiani na boharini kwa siku 13, maana ya kwanza inamaliza muda tarehe 12 Machi, siku sita kabla friji haijafika mlangoni. Maana ya pili inampa hadi tarehe 25 Machi.

Namna ya kuamua ni kusoma masharti yote kabla ya kufasiri hata sentensi moja. Angalia neno hilo limetumiwaje kwingine. Kama mstari unaofuata unasema mnunuzi aje nalo na alionyeshe, ni karatasi. Kama baada yake yametajwa “bidhaa” au “mzigo”, ni kupokea. Kama masharti yanaiita karatasi kwa jina jingine, ankara kwa mfano, basi neno hilo huenda limeachiwa maana ya kupokea. Yote hayo yakishindikana, usifiche: “ndani ya siku 7 tangu kupokea bidhaa [au: tangu tarehe ya risiti, maneno ya asili yanaruhusu maana zote mbili, ulizia dukani]”. Kwa mama muda huo umepita kwa vyovyote vile, lakini mfasiri hafasiri kwa ajili ya tukio moja. Karatasi hiyohiyo kesho itaulizwa na jirani aliyenunua duka hilohilo juzi.

Kuna mambo madogo ya muda ambayo hayahitaji maelezo marefu. Siku za kazi na siku za kalenda zitofautishwe, maana siku 7 za kazi huweza kuwa tisa au zaidi zikiingiliana na sikukuu. Duka likiandika kwamba linapokea madai kuanzia 9:00 hadi 18:00, kwa Kiswahili ni saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kuziacha tarakimu kama zilivyo ni kumpeleka mtu dukani saa 9 alasiri akiamini ndiyo kwanza wanafungua. Na kadi nyingine husema kwamba pasipokuwa na ushahidi wa ununuzi, muda utahesabiwa tangu friji ilipotengenezwa, kwa kusoma namba ya utambulisho. Friji inaweza kukaa miezi kwenye kontena na ghala kabla ya kuuzwa, na miezi hiyo yote inakatwa kwa mnunuzi aliyepoteza risiti.

Yasiyohusika si sawa na yanayobatilisha

Upande wa nyuma wa kadi una orodha ndefu, na humo ndimo tafsiri nyingi huharibika, kwa sababu mambo mawili tofauti yamepangwa kwa namba zinazofuatana. Kuna mambo ambayo waranti haiyahusu: kasoro hiyo moja haitatengenezwa bure, lakini waranti ya sehemu zilizobaki inaendelea. Na kuna mambo yanayoibatilisha waranti: likitokea moja, kadi nzima imekufa. Mfasiri anayeandika “waranti haitafanya kazi” kila mahali amezichanganya adhabu mbili zenye uzito tofauti. Mimi hutumia “haihusu” kwa la kwanza na “inabatilika yote” kwa la pili, na sibadilishi maneno hayo katikati kwa ajili ya kupamba.

Kwenye kadi ya mama, lisilohusika la kwanza ni uharibifu unaosababishwa na umeme ulio nje ya volti 200 hadi 240. Hapa neno “unaosababishwa” halitakiwi kupotea. Ukiandika “waranti haihusu kuyumba kwa umeme”, mama ambaye umeme wa mtaani kwake huyumba kila wiki ataona hana waranti tangu siku ya kwanza. Kadi haisemi hivyo. Inasema kuyumba kuwe ndiko kulikoharibu. Nani atathibitisha kwamba ndiko? Kadi iko kimya, na tafsiri ibaki kimya vilevile. Isimtwike mama kazi ya kuthibitisha, wala isimpe wakala.

Linafuata kundi la vitu vinavyochakaa: raba ya mlango, taa, vioo vya shelfu, droo za plastiki. Orodha inaanza na maneno yanayosema kwamba vitu hivyo ni baadhi tu na orodha haiishii hapo. Maneno hayo yakiachwa, msomaji atadhani kitu chochote kisichotajwa kimo ndani ya waranti. “Yakiwemo haya, pamoja na mengine yasiyotajwa” ni maneno mazito kidogo mdomoni, lakini yanabeba ukweli wa kadi.

Kisha matumizi ya kibiashara. Kadi inasema friji ni ya matumizi ya nyumbani tu. Mama wengi huweka friji sebuleni na kuuza humo barafu, juisi na maji ya baridi. Kwao friji iko nyumbani, kwa hiyo “matumizi ya nyumbani” huonekana kuwafaa kabisa. Mwandishi wa kadi alikusudia kazi inayofanywa na friji, wala si chumba ilimokaa. Ndiyo sababu naandika: “kwa matumizi ya familia, si kwa biashara, hata kama biashara inafanyika nyumbani”. Kipande cha mwisho ni ufafanuzi wangu, basi nakitia kwenye mabano ya mraba ili kisionekane kuwa neno la kiwanda.

Sharti la kubatilisha ambalo lina haraka kuliko yote ni la fundi. Friji ikifunguliwa au kutengenezwa na mtu asiyeidhinishwa na kampuni, waranti inabatilika yote. Mama amekwisha zungumza na fundi wa mtaani, naye amemwambia gesi imeisha na atakuja jioni kujaza. Kujaza gesi kunahitaji kukata au kutoboa bomba la mfumo uliofungwa kiwandani, na alama yake haifichiki: wakala ataiona mara atakapoangalia bomba la kujazia karibu na kompresa. Basi sentensi hiyo moja ifasiriwe kwanza, itumwe peke yake, kabla hujaketi na karatasi nzima: “Mama, fundi asiiguse friji kwanza. Kadi inasema akiifungua fundi asiye wa kampuni, waranti yote inakufa, na ile ya kompresa imo.”

Na hapo ndipo ile miaka 10 inapopimwa. Mota inayounguruma bila kutoa ubaridi ina sababu zaidi ya moja. Kompresa inaweza kuwa imechoka ndani, inazunguka lakini haisukumi. Gesi inaweza kuwa imevuja kwenye bomba. Bomba jembamba linalopitisha gesi linaweza kuwa limeziba. Kadi nyingine huahidi mfumo wote wa kupoza, yaani kompresa pamoja na mabomba na sehemu za kupoza na kutoa joto. Kadi ya mama imetaja kompresa peke yake. Mfasiri akiandika “mfumo wa kupoza” kwa sababu yanasikika vizuri, amempa mama bomba na gesi ambavyo hakupewa. Kama tatizo ni bomba, mwezi wa 14 mama hana kitu. Kama ni kompresa, atapewa kompresa bure, naye atalipa kazi ya fundi, gesi mpya, na usafiri wa fundi au wa friji.

Ushahidi wa ununuzi

Kadi inataka vitu viwili kwa pamoja: kadi iliyojazwa na kupigwa muhuri wa duka, na risiti halisi. Neno la kuunganisha ni “na”. Kadi nyingine huweka “au”, na mfasiri aangalie mara mbili, kwa kuwa kosa la hapo humfanya mtu asafiri na karatasi moja wakati zinatakiwa mbili. “Halisi” hapa maana yake karatasi yenyewe iliyotoka kwenye mashine, si kivuli wala picha ya simu. Hivyo picha hutosha kwa kufasiri, ila hazitoshi kwa kudai.

Tanzania risiti hiyo ni ya EFD, yenye namba ya mlipakodi ya muuzaji na namba ya uhakiki. Karatasi yake huandikwa kwa joto, bila wino, kwa hiyo hufifia ikikaa kwenye jua au kwenye dashibodi ya gari, na ukiipeleka kulaminishwa, joto la mashine huigeuza nyeusi. Risiti ya mama imefifia katikati, lakini namba ya uhakiki bado inasomeka. Namba hiyo ikiingizwa kwenye verify.tra.go.tz pamoja na saa ya mauzo, kumbukumbu ya risiti inaonekana, tarehe ikiwemo. Hilo halilazimishi wakala kuikubali risiti iliyofifia, ila linamwondolea sababu ya kusema tarehe haijulikani. Liwekwe kwenye maelezo ya mfasiri pembeni, kwani kwenye kadi halimo.

Kipo kikwazo kingine ambacho mama hakukiuliza. Kadi inasema waranti ni ya mnunuzi wa kwanza na haihamishiki. Jina lililojazwa kwenye kadi ni la mama. Risiti ina jina la mwanawe. Kwa familia zetu hakuna ajabu yoyote, mtoto amemnunulia mama yake. Kwa karani wa wakala ni majina mawili kwenye karatasi zinazopaswa kuwa na moja. Mfasiri ayaandike yote mawili jinsi yalivyo, bila kuyasawazisha, na amwambie mama kwamba huenda mwanawe akahitajika kupiga simu au kufika kwa wakala Dar es Salaam na kitambulisho chake.

Kilichotumwa Mwanza

Tafsiri kamili inaweza kuchukua kurasa mbili, nayo itumwe. Ila mtu mwenye friji iliyogoma husoma kwanza mistari michache ya juu, basi juu yake uwekwe ufupisho ambao kila sentensi inamtaja mtoa ahadi, kitu kinachoahidiwa, mwisho wa muda na karatasi inayotakiwa. Kwa mama ulikuwa hivi:

“Shikamoo mama. Ahadi ya kiwanda kwa friji nzima (vipuri na kazi ya fundi) ilikuwa ya miezi 12 tangu 5 Machi 2024. Imeisha mwanzoni mwa Machi 2025. Ahadi ya kiwanda kwa kompresa ni ya miaka 10, hadi mwanzoni mwa Machi 2034. Wanatoa kompresa tu, kazi ya fundi utailipa mwenyewe. Gesi, bomba na usafiri kadi haijaviahidi. Ahadi ya duka ilikuwa ya siku 7, kubadilishiwa na si kurudishiwa fedha, imepita. Friji isifunguliwe na fundi asiye wa kampuni. Andaa kadi na risiti zenyewe, si picha. [Namba ya friji: tarakimu ya nne kutoka mwisho haisomeki kwenye kadi, kwenye kibandiko ni 8.] [Jina kwenye kadi na jina kwenye risiti ni tofauti.]”

Chini yake yakafuata maswali ya kumuuliza wakala kwa simu kabla ya kulipa nauli ya mtu yeyote. Ana fundi aliyeidhinishwa Mwanza, au friji lazima isafirishwe? Kumleta fundi aje apime ni shilingi ngapi, na je, mama atalipa hata ikionekana kompresa ndiyo mbovu? Fundi ataandika kwa maandishi kilichoharibika? Swali hili la tatu ndilo ambalo mama alisihiwa asilisahau, kwa kuwa “friji haipozi” si kasoro ambayo kadi inaitambua, na karatasi iliyoandikwa “kompresa imekufa” na kusainiwa na fundi wa kampuni ndiyo itakayomfikisha kwenye ile miaka 10.